Kilo Ngapi za Sangara kwa Injini Moja?

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Mvuvi wa Makoko, katika Manispaa ya Musoma, huvua sangara ambao minofu yao husafirishwa hadi Ulaya na kwingineko, kisha hununua injini ya mtumbwi iliyotengenezwa ng'ambo. Kwa hiyo hali yake haipimwi kwa shilingi anazopokea peke yake, bali kwa kilo za samaki anazopaswa kutoa ili apate injini moja.

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu, usio bei halisi ya soko. Kilo ya sangara ikiwa shilingi 6,000 na injini shilingi milioni 6, mvuvi anahitaji kilo 1,000. Baada ya miaka michache kilo inafika shilingi 6,600, na bila shaka anafurahi. Lakini injini nayo imefika milioni 9, hivyo sasa anahitaji kilo 1,364 hivi. Bei yake imepanda kwa asilimia 10, ya injini kwa asilimia 50. Kilo moja inanunua takribani asilimia 73 tu ya ilichonunua awali. Mvuvi ameshika fedha nyingi zaidi, naye ni maskini zaidi.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama jirani, aliueleza uwiano huu kwa mkonge na trekta. Mwaka 1965 trekta moja lilipatikana kwa tani 17 na robo za mkonge. Mwaka 1972 trekta la aina ileile lilidai zaidi ya tani 40. Mkulima hakuwa amezembea.

Mwaka 1950 wanauchumi Raúl Prebisch na Hans Singer walidai kuwa kwa muda mrefu bei za malighafi huelekea kubaki nyuma ya bei za bidhaa za viwandani. Sababu mojawapo ni kwamba wauzaji wa malighafi ni wengi na kila mmoja hupokea bei ya soko, ilhali watengenezaji wa mashine ni wachache na huweza kuongeza gharama zao kwenye bei. Aidha, mtu akitajirika haongezi sana kiasi cha chakula anachokula, lakini huongeza vyombo anavyonunua.

Dawa inayokuja haraka kichwani ni kuvua zaidi. Lakini wavuvi wote wakifanya hivyo, bei hushuka na samaki wachanga huishia nyavuni. Kushuka kwa thamani ya shilingi nako hakusaidii sana hapa: sangara hupanda bei kwa shilingi, na injini vilevile.

Hata hivyo, si kanuni isiyovunjika. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, Tanzania ikanufaika katika miaka ya 1976 na 1977. Kisha kahawa ikashuka, na mwaka 1979 mafuta ya petroli yakapanda tena.