Kazi ya upagazi Kilimanjaro: hesabu ya mwaka, si ya safari moja

Kila ifikapo Juni, vijana wengi wa vijijini huteremka Moshi kutafuta nafasi ya kubeba mizigo mlimani. Msimu wa wageni huanza kuchangamka mwezi huo hadi Oktoba, ukarudi tena kuanzia mwishoni mwa Desemba mpaka Februari. Aprili na Mei, mvua za masika zinapokolea, malango hupoa. Hapo ndipo "mgumu", kama wapagazi wanavyojiita, anapogundua kuwa fedha za Agosti zilimdanganya.

Tuchukue mfano. Kijana analipwa shilingi 20,000 kwa siku, na safari ya njia ya Machame ni siku sita. Hiyo ni shilingi 120,000. Agosti akipanda mara tatu, anashika 360,000. Lakini tuseme kwa mwaka mzima amepata safari 16. Jumla ni 1,920,000, na ukigawa kwa miezi 12 unabaki na 160,000 kwa mwezi. Kwa hiyo akikopa pikipiki kwa kuangalia Agosti, rejesho la Aprili litamkuta nyumbani bila kitu.

Bakshishi hatukuiweka humo, na kwa makusudi. Mara nyingi wageni huitoa siku ya mwisho, wakati mwingine yote kwa kiongozi wa msafara ili awagawie wenzake. Mpagazi asiyejua kiasi kilichotolewa hawezi kujua kama fungu lake ni sahihi. Dalili nzuri ni mgeni kutamka kiasi mbele ya kikosi kizima, au kumkabidhi kila mtu mkononi. Ukiambiwa kabla ya kupanda kuwa "mshahara ni mdogo ila tipu ni nono", ujue mgeni ndiye anayetarajiwa kukulipa mshahara.

Saa nazo hazina mpango. Simu inaweza kuita saa tatu usiku ukitakiwa asubuhi getini. Wapo wanaokwenda bila kuitwa, wakasubiri hadi mchana, kisha wakarudi na nauli imekwisha. Ukichaguliwa, mzigo hupimwa kwenye mizani, na kikomo ni kilo 20. Hakikisha pia jina lako limeandikwa kwenye orodha ya msafara. Bila hivyo, ukija kudai malipo huna pa kuanzia. Kama huna buti wala koti zito, shirika la kusaidia wapagazi lililoko Moshi, KPAP, huazimisha bila malipo. Baridi ya kule juu imeshaua watu.

Kwa mkulima, masika yana nafuu yake, maana mlima unapopoa ndipo mahindi yanapopandwa. Tatizo ni mavuno. Mahindi ya tambarare hukauka Julai na Agosti, wakati simu zinaita kila siku. Kabla ya kupanda, kubalianeni nyumbani nani atavuna, na kama ni kibarua, ujira wake utolewe kwenye safari ipi.