ISRAFU YA WALI HUANZIA KWENYE KIPIMO, SI KWENYE SAHANI



Tukizungumzia israfu ya chakula, mara nyingi tunamsema mtoto aliyebakisha tonge kwenye sahani. Mimi nasema kosa kubwa hufanywa kabla ya hapo, pale mchele unapomiminwa kwenye ungo bila kupimwa. Nimelijua hili nyumbani kwangu mwenyewe.

Ramadhani moja tulikuwa watu wanane. Wali wa nazi ulipikwa saa kumi na moja jioni, vikombe sita vya mchele, kwa sababu "ndivyo tunavyopika siku zote". Lakini mtu akishafuturu kwa tende, uji, mihogo na maharage, tumbo lina nafasi gani tena ya wali? Uliobaki ulifunikwa kwenye sufuria jikoni ukingoje daku saa kumi alfajiri. Hesabu mwenyewe: ni saa kumi na moja kwenye joto la pwani. Siku moja mwanangu wa miaka saba aliula, na kabla jua halijapanda akawa anatapika mfululizo.

Mama watoto akasema, "Lakini niliupasha moto vizuri, na wala haukuwa na harufu." Alisema kweli. Mchele huwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zile huamka, huzaana na kuacha sumu. Kupasha moto kunaua vijidudu, lakini sumu ile haiondoki. Kwa hiyo wali ulioteleza au kuchacha utupwe, na hata usionuka, ikiwa umelala nje ya friji, usimpe mtu. Kumwaga chakula chenye madhara si dhambi. Kujidhuru ndiko kulikokatazwa. Dhambi ya kuogopa ni ile iliyotufikisha hapo.

Basi tukafanya jambo dogo. Kwa siku tatu tulipima wali uliobaki kwa kikombe kilekile cha mchele. Kikombe kimoja cha mchele hutoa takriban vikombe vitatu vya wali, kwa hiyo sita vilitupa kumi na vinane. Kila siku vilibaki kama saba. Maana yake tulikuwa tunakula kumi na kimoja tu, na hivyo vinatoka kwenye vikombe vinne vya mchele. Vikombe viwili vya mchele, na nazi yake na mkaa wake, vilikuwa vinapikwa ili vimwagwe. Tangu hapo ni vinne. Siku isiyo na futari nzito, kadiria nusu kikombe kwa mtu mzima. Nawe usichukue hesabu yangu, pima mabaki ya kwako siku tatu.

Ukibaki licha ya hayo, usiuache kwenye sufuria. Ukishamaliza kula, uliobaki utandaze kwenye sinia safi upoe upesi, kwa kuwa katikati ya sufuria hubaki na joto muda mrefu. Ndani ya saa moja uwe kwenye chombo chenye kifuniko, ndani ya friji, na uliwe kesho yake. Wa nazi usiucheleweshe hata kidogo. Wakati wa daku chukua unaotosha tu, upashe mpaka utoe mvuke, wala usiurudishe friji mara ya pili.

Kiporo kilichohifadhiwa hivi hakina aibu. Kaanga kitunguu, nyanya na karoti, vunja yai, tia wali wa baridi. Punje zake hazishikani kama za wali wa moto. Au saga kikombe kimoja pamoja na mchele ulioloweka wa vitumbua, navyo vitatoka laini.

Asiye na friji je? Yeye hana budi kupima zaidi kuliko mwenye nayo, na kinachobaki akipeleke kwa jirani usiku uleule kikiwa bado cha moto. Sadaka si kumpelekea mwenzio asubuhi kile ambacho wewe unakiogopa.

Najua mtasema, "Sheikh, mgeni akija ghafla?" Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu. Mgeni mmoja anaenea kwenye vikombe vinne vile vile. Heshima ya mgeni ni kukaribishwa, haipimwi kwa sufuria linalobaki nusu akishaondoka. Na katika Suratul A'raaf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, kisha tukakatazwa kupita kiasi. Kiasi utakijuaje ikiwa hupimi?

Leo jioni, kabla hujaosha mchele, chukua kikombe.

Wabillahi tawfiiq.