Roboti ya asilimia 12 kwa mwezi: barua ya wazi kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana

Kwa Afisa Mtendaji Mkuu,
Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

YAH: MASWALI YA MTU ANAYETAKA KUNUNUA ROBOTI YA BIASHARA YA FEDHA

Ndugu Afisa Mtendaji Mkuu,

Ninatunza vitabu vya vikundi vya kuweka na kukopa mjini Morogoro. Mzunguko unapoisha na wanachama wakagawana, kila mmoja huondoka na fedha ya mkupuo, na matangazo ya kwenye simu yanaonekana kuijua siku hiyo kuliko hata mimi. Safari hii mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye hajawahi kununua hata hisa moja, alinionyesha tangazo la roboti inayofanya biashara ya fedha za kigeni yenyewe. Unalipa dola 150 kuipata, unaweka mtaji, unapokea asilimia 12 kila mwezi. Alikuwa na shilingi milioni 3 na maswali mengi. Tahadhari ambazo taasisi zetu hutoa zinamtaka ajiepushe na watu wasio na leseni, basi. Hazijibu alichouliza. Nayaweka hapa maswali yake pamoja na majibu niliyompa, na ombi langu kwa ofisi yako liko mwishoni.

"Mbona asilimia 12 si nyingi? Wengine wanaahidi mara mbili kwa wiki."

Ndivyo tangazo linavyotaka aione. Basi tukapiga hesabu. Milioni 3 zikikua kwa asilimia 12 kila mwezi bila kuguswa, baada ya mwaka mmoja zinakuwa kama milioni 11.7. Baada ya miaka mitano zinapita bilioni 2.6. Hatifungani za muda mrefu za Serikali, ambazo Mamlaka inazifahamu kuliko mimi, hulipa asilimia kumi na kitu kwa mwaka mzima. Mwenye mashine ya namna hiyo angekopa benki kwa riba yoyote wanayotaka na kukaa kimya. Asingehangaika kuuza kwa dola 150 kwa mwalimu wa Morogoro.

Lakini ukubwa wa namba si hoja yangu kuu. Hata ingekuwa asilimia 3, neno la kutisha ni "kila mwezi". Bei ya yuro dhidi ya dola haipangi ratiba na mtu. Anayefanya biashara hiyo kwa kweli hupata mwezi huu, hupoteza ujao, na hawezi kukuambia mapema ni mwezi upi. Hatifungani inaweza kuahidi riba isiyobadilika kwa sababu kuna mkopaji aliyefungwa na mkataba kulipa. Kwa roboti, aliyefungwa kulipa ni nani? Ahadi inapokuwa haibadiliki ilhali soko linabadilika, ama hasara imefichwa mahali, ama faida inatoka kwenye mfuko wa mtu mwingine.

"Lakini wamenionyesha historia ya biashara. Karibu zote zimeleta faida."

Hapa tulikaa muda mrefu, kwa kuwa historia ile haikuwa lazima iwe ya kughushi. Roboti nyingi za kuuzwa zimetengenezwa hivi: ikinunua na bei ikashuka, haikubali hasara. Inanunua tena mara mbili ya mwanzo, ikishuka tena mara mbili ya hapo, hadi bei irudi juu kidogo na kila kitu kifungwe kwa faida ndogo. Kwa kuwa bei mara nyingi hurudi, historia inajaa ushindi.

Nilimwandikia mfano kwenye daftari. Akaunti ina dola 500. Roboti inanunua yuro kwa loti 0.01, kipimo ambacho kila pipsi moja ni senti 10 za dola. Kila bei inaposhuka pipsi 20, inaongeza maradufu: 0.02, 0.04, 0.08, 0.16, 0.32, kisha 0.64. Bei ikiwa imeshuka pipsi 120, kuna biashara saba zilizo wazi na hasara yake ni dola 240. Bado inaonekana kuna nusu ya mtaji. Ila sasa kila pipsi moja inakula dola 12.70 badala ya senti 10. Bei ikishuka pipsi 20 nyingine tu, hasara inafika dola 494, na akaunti imekwisha. Kwa kweli broka atakuwa amezifunga biashara hizo mapema zaidi, kwa sababu dhamana haitoshi. Mwendo wote huo ni wa kutoka 1.0900 hadi 1.0760, na habari moja ya riba kutoka Marekani inaweza kuufanya kwa siku chache.

Anayetazama simu anaweza kuiona hatari hiyo kabla haijafika. Kwenye programu ya MetaTrader kuna mistari miwili. `Balance` huhesabu biashara zilizokwisha kufungwa tu. `Equity` huingiza pia hasara ya zile zilizo wazi. Wauzaji hupenda kupiga picha ya `Balance`, inayopanda kama ngazi, na kuikata picha kabla ya mstari wa pili. Nilimwambia mwalimu aombe nywila ya kutazama tu, ile ambayo MetaTrader huiita `investor password`. Haimwezeshi mtu kufanya biashara wala kutoa fedha, kwa hiyo muuzaji hana cha kuogopa. Akishaingia, atazame kama saizi za loti zinaongezeka maradufu baada ya hasara, kama `Equity` huwa chini sana ya `Balance`, na kama jina la seva lina neno `Demo`, maana yake fedha zile ni za mazoezi. Tahadhari moja tu: ikiwa broka mwenyewe ni mshirika wa muuzaji, hata akaunti hiyo inaweza kuonyesha chochote wanachotaka.

Aliomba. Wakamjibu kwamba nywila hiyo ni "siri ya kampuni".

"Fedha yangu itakaa wapi?"

Hili ndilo ningeweka mbele ya mengine yote kama ningekuwa na nafasi moja tu. Roboti halisi ni programu. Unaiweka kwenye akaunti yako mwenyewe, yenye jina lako, kwa broka uliyemchagua na kumhakiki, na muuzaji hana sababu ya kugusa mtaji. Unapoambiwa utume shilingi kwa namba ya wakala, au sarafu ya mtandaoni kwa anwani ya pochi, hujanunua programu yoyote. Umemkabidhi mtu fedha, na roboti imebaki kuwa hadithi.

Afrika Kusini wameipitia hadithi hiyo hadi mwisho. Kampuni ya Mirror Trading International ya Johann Steynberg ilikusanya bitikoini kutoka kwa watu wa nchi nyingi ikidai roboti yake inaleta kama asilimia 10 kwa mwezi, na aliyeleta mwenzake alipewa bonasi. Mamlaka ya huko inayosimamia sekta ya fedha ilionya umma Agosti 2020. Desemba mwaka huohuo malipo yalikwama na Steynberg akawa amekwenda Brazil, alikokamatwa mwaka uliofuata. Tume ya Marekani inayosimamia biashara ya mikataba ya bidhaa za baadaye ilimshtaki yeye na kampuni mwaka 2022. Ilieleza kwamba walipokea bitikoini zisizopungua 29,421, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.7, kwamba taarifa za akaunti zilitungwa, na kwamba hata broka aliyesemekana kufanya biashara hizo alikuwa wa kubuni. Kwetu jambo hilo lina jina la kale: upatu. Waliopanda mbegu zao DECI hadi mwaka 2009 hawakuambiwa habari za roboti, lakini fedha ilikuwa ikizunguka vilevile.

"Shemeji yangu ameshatoa faida mara tatu."

Simbishii. Chukua watu 100 walioweka milioni 3 kila mmoja: hizo ni milioni 300. Asilimia 12 ni milioni 36 kwa mwezi. Bila biashara hata moja kufanyika, na bila mwanachama mpya kuingia, fedha yao wenyewe inatosha kuwalipa "faida" kwa miezi 8. Wengi huacha faida ikae ikue, na wapya wanaingia, kwa hiyo inaweza kwenda hata zaidi ya hapo. Malipo matatu ya shemeji hayathibitishi kitu. Kipimo ni kuomba mtaji wote, si faida, na kuona wanasema nini.

Mara nyingi wanachosema ni kwamba lipa kwanza kodi, au ada ya kufungua akaunti, ndipo utoe. Kodi ya zuio hukatwa na anayelipa kutoka kwenye fedha anayokulipa. Haitumwi kwanza na anayedai kwenda kwenye namba ya simu ya mtu. Anayefika hapo asiongeze hata shilingi moja, atunze risiti za miamala na mazungumzo yote, aende polisi.

"Wana cheti, nimekiona."

Alikuwa amekiona kweli: cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, na chini yake namba ya mlipakodi. Vyote vinaweza kuwa halali. BRELA inasajili kuwepo kwa kampuni, hata ya kuuza nondo. Kukusanya fedha za watu na kuziwekeza kwa niaba yao kunahitaji leseni nyingine, na hiyo hutolewa na ofisi yako.

Na hapa ndipo naanza kuomba, Ndugu Afisa Mtendaji Mkuu. Mwalimu alitaka kuhakiki kabla ya kutuma fedha, kama mnavyotuasa. Alihakiki cheti kisichohusika kwa sababu hakuna aliyemwambia tofauti. Naomba Mamlaka iwe na namba fupi ya simu, inayofanya kazi hata kwenye simu ya batani, ambapo mtu anaandika jina la kampuni au la roboti na kujibiwa kwa Kiswahili: ina leseni yetu, haina, au tumetoa onyo juu yake. Jibu la "haina" litolewe hata kwa jina ambalo hamjawahi kulisikia, maana majina haya hubadilishwa kila baada ya miezi michache.

Pili, onyo likitolewa litaje kilichokuwa kikiahidiwa na jinsi fedha ilivyokusanywa, si jina la kampuni peke yake. Kule Afrika Kusini watu waliendelea kuweka fedha baada ya onyo la Agosti, kwani malipo yalikuwa bado yanaingia. Onyo lililosema tu "hawana leseni" lingeacha mlango huohuo wazi hapa.

Tatu, mkiona jibu langu lolote hapo juu lina kosa, nirekebisheni hadharani kama nilivyoandika hadharani. Mgao wa kikundi kingine ni mwezi ujao, na nimeombwa kuyasoma majibu haya mbele ya wanachama.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtunza vitabu wa vikundi,
Morogoro