Mwalimu wa Ujiji, mama wa dagaa Kibirizi na hesabu mbili za kodi

Kila serikali inapotangaza nyongeza ya mshahara, maneno hayohayo huzunguka kwenye ofisi za walimu na vijiwe vya kahawa, kuanzia Mwanga hadi Ujiji: ukiongezwa kidogo unaingia kundi la kodi kubwa, na mwisho wa mwezi unapokea pungufu ya ulichokuwa ukipokea. Wapo watumishi wanaoamini hivyo kwa dhati. Kwa upande wa mshahara, hofu hiyo haina msingi, na nitaonesha kwa hesabu. Lakini ukitoka ofisini ukateremka hadi mwalo wa Kibirizi, utawakuta watu ambao kwao hofu hiyohiyo ni ya kweli kabisa, kwa sababu sheria imewawekea hesabu ya namna nyingine.

Tuanze na mshahara. Viwango vinavyotumika Tanzania Bara tangu Julai 2021 vinaukata mshahara wa mwezi katika vipande. Sh 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kipande kinachofuata, hadi Sh 520,000, hutozwa asilimia 8. Kutoka hapo hadi Sh 760,000 ni asilimia 20, kisha asilimia 25 hadi Sh 1,000,000, na kinachozidi milioni hiyo hutozwa asilimia 30. Kila asilimia inahusu kipande chake tu. Anayelipwa milioni mbili naye ana Sh 270,000 zake zisizoguswa, sawasawa na mlinzi wa shule.

Mkanganyiko unatokana na jinsi jedwali lilivyoandikwa. Kwenye mstari wa tatu utasoma kwamba kodi ni Sh 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kiasi kinachozidi 520,000. Msomaji wa haraka anaziona hizo Sh 20,000 kama faini ya kuingia kundi jipya. Sizo. Kati ya 270,000 na 520,000 kuna Sh 250,000, na asilimia 8 yake ni Sh 20,000 kamili. Jedwali limekufanyia tu hesabu ya vipande vya chini. Mstari unaofuata unaanza na Sh 68,000, na huo pia unaweza kuuhakiki mwenyewe: kipande cha tatu kina Sh 240,000, asilimia 20 yake ni 48,000, ukijumlisha na zile 20,000 unapata 68,000. Mstari wa mwisho unaanza na Sh 128,000 kwa njia hiyohiyo. Jedwali la kodi likijumlika namna hii, mpaka hadi mpaka, ujue hakuna mahali ambapo shilingi moja ya ziada inaweza kukuletea hasara.

Sasa tumchukue mwalimu wa Ujiji anayelipwa Sh 540,000, akapandishwa hadi Sh 560,000. Kodi huhesabiwa baada ya kutoa mchango wa pensheni, ambao kwa mtumishi wa umma aliye kwenye mfuko wa PSSSF ni asilimia 5. Kabla ya kupandishwa, kiasi cha kutozwa kodi kilikuwa Sh 513,000, na kodi yake Sh 19,440. Baada ya kupandishwa kiasi hicho ni Sh 532,000. Amevuka mpaka wa 520,000. Anayeamini kwamba sasa mshahara wote unatozwa asilimia 20 atatarajia makato ya Sh 106,400, na hapo ana haki ya kuogopa. Lakini kilichovuka ni Sh 12,000 tu, na asilimia 20 yake ni Sh 2,400. Kodi yake mpya ni Sh 22,400. Katika nyongeza ya Sh 20,000, pensheni imechukua Sh 1,000 na kodi imechukua Sh 2,960. Zilizobaki ni zake.

Mbona basi watu wanaona hati zao za mshahara na kuhisi wameibiwa? Kwa sababu kodi haiko peke yake kwenye karatasi ile. Kuna bima ya afya asilimia 3. Kuna ada ya chama cha wafanyakazi, ambayo mara nyingi ni asilimia 2. Na kwa aliyesomeshwa kwa mkopo wa elimu ya juu kuna makato ya Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Haya hayana vipande. Yanahesabiwa juu ya mshahara mzima. Mwalimu mwenye shahada na deni la mkopo akipanda kutoka Sh 600,000 hadi 620,000, kodi inaongezeka kwa Sh 3,800, bodi inaongeza Sh 3,000, pensheni Sh 1,000, bima Sh 600 na chama Sh 400. Jumla ni Sh 8,800, na anabaki na Sh 11,200. Ni machungu, sikatai, na ni haki kuyasema. Ila anayelalamika aelekeze lawama panapostahili: zaidi ya nusu ya makato hayo mapya si kodi ya mapato.

Lipo lalamiko moja la kweli kuhusu vipande vyenyewe, nalo ni kwamba mipaka yake imesimama wakati mishahara inasogea. Julai 2025 kima cha chini cha utumishi wa umma kilipandishwa kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000. Mtumishi wa kima hicho alikuwa akilipa kodi ya Sh 6,520; sasa analipa Sh 16,400. Mshahara umepanda kwa theluthi moja na kidogo, kodi imezidi maradufu. Hajapata hasara, lakini serikali ilimpa nyongeza kwa mkono mmoja na mipaka isiyosogezwa ikairudishia hazina sehemu yake.

Sasa twende Kibirizi. Mama anayenunua dagaa kwa wavuvi alfajiri, akawaanika kisha akawauza kwa wanaosafirisha, hana mwajiri wa kumkata. Yeye yuko kwenye kodi ya makadirio, inayowahusu wafanyabiashara wadogo na inayohesabiwa kwa mauzo ghafi ya mwaka, si kwa faida. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 hayatozwi. Kuanzia hapo sheria ina safu mbili: moja ya wenye kumbukumbu za mauzo na nyingine ya wasio nazo.

Mwenye kumbukumbu anahesabiwa kwa vipande kama mwalimu. Kati ya milioni 4 na milioni 7 analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11 analipa Sh 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Hakiki tena: asilimia 3 ya milioni 3 ni Sh 90,000. Imejumlika.

Asiye na kumbukumbu analipa kiasi kimoja kwa kundi zima: Sh 100,000 kwa mauzo kati ya milioni 4 na 7, na Sh 250,000 kati ya milioni 7 na 11. Hapa hakuna kujumlisha vipande. Mauzo yakivuka milioni 7 kwa elfu kumi tu, kodi inaruka kwa Sh 150,000. Kile ambacho mwalimu alikiogopa bure, mama huyu anakutana nacho kweli.

Tazama anavyoumia aliye chini kabisa. Mauzo ya Sh milioni 4.1 kwa mwaka ni wastani wa kama Sh 11,000 kwa siku, na hayo ni mauzo, kabla hajatoa bei aliyonunulia dagaa, chumvi, magunia na nauli. Akiwa na daftari linalokubalika, kodi yake ya mwaka ni Sh 3,000. Akiwa hana, ni Sh 100,000. Mwenzake asiye na daftari mwenye mauzo ya milioni 6.9 naye analipa Sh 100,000 hizohizo. Kwa hiyo mdogo anatoa karibu asilimia 2.4 ya mauzo yake, na mkubwa wake anatoa chini ya asilimia 1.5. Kodi ya mapato inatakiwa iende kinyume cha hapo.

Biashara ya ziwani inalifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hupumzika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Mfanyabiashara aliyekadiriwa mwanzoni mwa mwaka kwamba atauza milioni 7 na kidogo anaweza kumaliza mwaka na milioni 6 na nusu. Kwa hesabu ya vipande, tofauti hiyo ingempunguzia kodi kidogo, kulingana na mauzo yaliyopungua. Kwa hesabu ya kiasi kimoja, suala zima ni kama ofisa alimweka upande huu au upande ule wa milioni 7, na Sh 150,000 zinategemea kadirio lisilo na karatasi. Mahali penye mruko kama huo ndipo panapozaliwa ubishi, kuombaombana, na kishawishi cha rushwa. Mpaka usio na mruko haumpi ofisa cha kuuza wala mfanyabiashara cha kununua.

Watetezi wa kiasi kimoja wana hoja mbili. Ya kwanza ni urahisi: huwezi kukokotoa asilimia ya mauzo ambayo hayakuandikwa. Lakini ofisa tayari anakadiria mauzo ili kumpanga mtu kwenye kundi. Akishapata namba, kuitoza asilimia ni kazi ya kikokotoo cha simu. Hoja ya pili ina uzito zaidi: asiyeweka kumbukumbu alipe zaidi, la sivyo hakuna atakayeweka. Nakubali. Lakini adhabu hiyo inaweza kuwekwa kwenye asilimia. Asiye na kumbukumbu atozwe, kwa mfano, asilimia 4 ya kinachozidi milioni 4, badala ya asilimia 3. Mwenye mauzo ya milioni 7 atalipa Sh 120,000, mwenye milioni 11 atalipa Sh 280,000, zote juu ya wanachotozwa leo, na mwenye milioni 4.1 atalipa Sh 4,000. Kila mmoja bado angepata nafuu kwa kuwa na daftari, na hakuna ambaye angeadhibiwa kwa kuuza gunia moja zaidi mwezi wa Desemba.

Hili ni jambo la kubadilisha mistari miwili ya jedwali katika Sheria ya Fedha, na wabunge wa Kigoma wanaweza kulisema Juni bajeti inapojadiliwa. Hadi litakapobadilishwa, mama wa Kibirizi asisubiri. Aandike kila siku alichonunua na alichouza, atunze na risiti anazopata, na aende nazo TRA mwanzoni mwa mwaka kabla hajakadiriwa, aombe kuhesabiwa kwenye safu ya wenye kumbukumbu. Kwa mwenye mauzo ya milioni 7.1, kodi yake itakuwa Sh 93,000 badala ya Sh 250,000.