Umeme ukikatika, wa mapokezi ndiye mkosaji

Ndugu Mhariri,

Hasira za jana bado hazijaniisha, hivyo lugha ikiwa kali mniwie radhi.

Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika kliniki ya kisukari ya hospitali moja ya umma hapa nchini. Siku yetu ya kliniki ni Jumatano. Usiku wa kuamkia jana umeme ulikatika mtaa mzima. Mlinzi anasema alisikia mlio mkubwa kwenye transfoma ya njia panda, kisha giza. Watu wa umeme walipigiwa usiku uleule wakajibu kwamba taarifa imepokelewa na mafundi wako njiani. Hao mafundi walifika saa 9 alasiri, wakabadilisha fyuzi, wakaondoka. Sisemi kazi yao ni rahisi, ila njia hiyo ilikuwa ndefu mno.

Jenereta tunalo, na dizeli imo. Lisichokuwa nacho ni betri ya kuliwasha. Ya zamani ilikufa siku nyingi, na kila tunapouliza tunaambiwa ombi la kununua nyingine liko kwenye mchakato. Betri hiyo inauzwa kila duka la vipuri mjini. Ukitoka getini kwetu kwa miguu unalifikia duka la kwanza kabla jasho halijakutoka.

Kabla ya saa 12 asubuhi daktari wa zamu aliamua kliniki isifanyike. Sikumlaumu. Mashine ya maabara ya kupima figo imezima. Mfumo wa kusajili wagonjwa umezima, na mfumo ukizima hakuna kuhakiki kadi ya bima wala kutoa namba ya malipo kwa anayelipa taslimu, na keshia haruhusiwi kupokea hela mkononi. Sista alikuwa tayari amebandika karatasi kwenye friji ya insulini: USIFUNGUE. Insulini ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na friji iliyozimika hutunza ubaridi wake iwapo tu mlango unabaki umefungwa. Baadaye aliihamishia kwenye kasha la chanjo. Kabla ya kuhamisha alikaa anatikisa vibuyu vya barafu kimoja kimoja, akingoja asikie maji yanacheza ndani, kwa sababu barafu ambayo haijaanza kuyeyuka ikigusa chupa insulini inaganda, na ikishaganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka.

Mimi nikakabidhiwa daftari la miadi na neno moja: "Wapigie."

Wasiojua kazi hii wanadhani ni kusema "kliniki imeahirishwa" na kukata simu. Ndugu zangu, wagonjwa hawa waliambiwa waje bila kula tangu chakula cha usiku ili wapimwe sukari ya kufunga. Wa vijijini wanaondoka alfajiri. Kwa hiyo kila simu ina mambo ya kumweleza mtu mpaka aelewe: kliniki haipo, kula sasa hivi, dawa ya asubuhi itumie pamoja na chakula kama siku zote. Halafu umuulize dawa zilizobaki zinafika lini. Ambaye chupa yake ya insulini imeisha hawezi kuambiwa asubiri Jumatano nyingine. Huyo inabidi aje hivyohivyo, Sista amwandikie kwa mkono.

Simu ya mezani ilikufa zamani, kwa hiyo nilitumia yangu, vocha yangu, na chaji iliyobaki tangu jana yake, maana nyumbani nako hakukuwa na umeme. Nikaanza kupiga.

Hapa ndipo nilipoonja matunda ya matapeli wetu wa mitandao. Watanzania wamechoshwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kiasi kwamba namba ngeni alfajiri haipokelewi, au ikipokelewa unapokewa kwa matusi. Bibi mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Wewe mtoto, mwenzio jana alijifanya mjukuu wangu, leo wewe umekuwa hospitali?" Akakata. Mwingine alinitaka nimtajie dawa anazotumia ndipo aamini. Na siwezi kuzitaja, kwa sababu sijui ni nani kashika simu. Namba nyingi kwenye daftari letu ni za mtoto aliyeko mjini, za jirani, au za shemeji. Akipokea shemeji, siruhusiwi kumwambia mgonjwa anatibiwa nini. Nasema tu, "Mwambie anipigie kuhusu miadi ya leo, ni haraka," na shemeji ananijibu kwa sauti ya kununa kwamba yuko kazini. Laini nyingine hazipo tena hewani. Tangu usajili wa alama za vidole watu wamebadilisha laini, ila kadi ya kliniki bado ina namba ya zamani.

Sasa nieleze kilichonitia hasira kweli.

Kuna mzee mmoja anatoka kijiji cha mbali. Hukosi kumwona kliniki, huja na kofia na mfuko wa nailoni wenye kadi zake zote. Nilipompata alikuwa tayari ndani ya basi dogo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Kimya. Nikarudia. Akaitika "marahaba" kwa kuburuta, kisha akaniuliza kama mimi ni marehemu dada yake. Mzee huyu ni mwepesi wa maneno, hunitania kila akija. Nikamwita Sista, nikaweka sauti kubwa.

Sista akamuuliza, "Babu, asubuhi umechoma sindano?" Akasema amechoma, kama kawaida yake, uniti zilezile. "Umekula nini?" Akajibu, "Si mmeniambia nisile?"

Mhariri, rudia sentensi hiyo polepole. Kadi zetu zimeandikwa mgonjwa aje bila kula. Hazikuandikwa kwamba sindano ya asubuhi asiichome mpaka atolewe damu na awe tayari kula. Insulini anayotumia ni ile ya mchanganyiko, inayotakiwa kufuatwa na chakula baada ya nusu saa hivi. Yeye alichoma alfajiri, akapanda basi na tumbo tupu tangu ugali wa jana. Sukari lazima ishuke. Kutoka jasho, kutetemeka, kuongea ovyo, ndizo dalili zake, na ndani ya basi mtu wa hivyo anaonekana mlevi tu.

Sista akasema ampe simu konda. Konda, Mungu ambariki, ni kijana mwelewa. Sista akamuuliza vitu viwili: mzee anajibu akiitwa, na je, anaweza kumeza? Maana asiyeweza kumeza hapewi kitu mdomoni, anakimbizwa kituo cha afya kilicho karibu. Akasema anaweza, ila ameloa jasho kama katoka mtoni. "Simamisha dukani, mpe nusu chupa ya soda yenye sukari. Isiwe ile isiyo na sukari. Kama hakuna soda, vijiko vitatu vya sukari kwenye maji." Konda akasema hela ya soda atatoa yeye. Baada ya robo saa tukapiga tena. Mzee alishika simu mwenyewe, akaniambia, "Binti, mbona unanisumbua, mimi nakuja huko huko." Nikajua amerudi. Sista akamwagiza anunue chapati mbili na maharage ale palepale, kwa kuwa soda peke yake haikawii kuisha mwilini na ile sindano bado inafanya kazi.

Alifika saa 3. Sista akampima kwa kile kipimo kidogo cha kidoleni, akakuta 6.8. Mzee akakitazama kile kipimo, akatutazama na sisi, akauliza: "Hiki si kinatumia betri? Sasa kliniki mmefunga kwa nini?"

Nilikosa la kumjibu. Ni kweli, kipimo cha kidoleni, mashine ya presha ya mkono na kalamu ya daktari havikuhitaji umeme. Aliyewahi kufika kabla hatujampata kwenye simu angeweza kupimwa, akaandikiwa dawa kwenye karatasi na kuondoka. Lakini utaratibu unasema bila mfumo hakuna malipo, na bila malipo hakuna huduma. Kwa hiyo waliokuja walikaa kwenye benchi wakinisema mimi. Mmoja alidai nimeiuza dizeli. Mwingine kanipiga picha, sijui anaipeleka wapi.

Waheshimiwa wetu nao wamekuwa wakitupigia hesabu za megawati majukwaani. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, tumelishangilia, na tunalishangilia bado. Lakini umeme wa bwawa unafika kwangu kwa waya na transfoma ya njia panda, na pale ndipo ulipokwama. Sijawahi kusikia mheshimiwa anaomba kura kwa fyuzi. Anakuja kuzindua jengo, anakata utepe, magari yanaondoka na vumbi lake, na jenereta la jengo hilohilo halina betri. Wakati wa kampeni wanatupigia simu zilizorekodiwa usiku na mchana, namba zetu wanazipata bila shida. Mimi wa mapokezi sijawahi kupewa hata vocha ya kuwapigia wagonjwa.

Wakuu wa hospitali za umma, nawaomba matatu tu. Nunueni betri ya jenereta, na kila wiki awepo mtu wa kuliwasha kabla halijahitajika. Siku mfumo ukizima, ruhusuni stakabadhi za mkono ili mwenye kisukari apimwe na apate dawa yake. Na kwenye kadi ya miadi, chini ya maneno "usile", ongezeni "wala usichome sindano mpaka upimwe". Wino wa sentensi hiyo hauhitaji zabuni.

Kwenu wagonjwa, na nyinyi watoto mnaoshika simu za wazazi: kliniki ijayo njooni na namba inayopatikana, tuiandike upya kwenye daftari. Namba ngeni ikipiga alfajiri ya siku ya kliniki, pokeeni. Sitawaomba hela. Nitawaambia mle.

Wenu,
Mhudumu wa mapokezi, kliniki ya kisukari
(Jina na anwani vimehifadhiwa)