Alitikisa kichwa, wakaandika amekiri

Kuna neno linalojitokeza kwenye majalada ya polisi na ya mahakama zetu hapa Kenya ambalo kila hakimu anapaswa kuliogopa: "Mshtakiwa alitikisa kichwa." Alikitikisa vipi? Juu na chini, au kulia na kushoto? Kiswahili chenyewe hakisemi. Lakini kalamu ya karani haina shaka hata kidogo: amekiri.

Chukua kijana kiziwi wa kijijini anayedaiwa kuiba mbuzi. Polisi wanamkamata na kumfunga pingu, mikono nyuma. Kwa mtu mwingine hiyo ni pingu tu. Kwa kiziwi ni kuzibwa mdomo, maana mikono ndiyo ulimi wake. Akihangaika ili aifungue aseme neno, inaandikwa kwamba alipinga kukamatwa. Kituoni anasogezewa karatasi na kalamu, kana kwamba kila kiziwi anasoma. Kiswahili hajawahi kukisikia maishani, na shuleni huenda hakukanyaga. Mwishowe anaitwa mtu wa kutafsiri. Nani? Binamu yake mlalamishi, kwa sababu "wanaelewana". Yaani anayekushtaki ndiye anayesema kwa niaba yako!

Katiba ya 2010 haikuacha mwanya hapa. Kifungu cha 49 kinataka anayekamatwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa na kwamba ana haki ya kunyamaza. Kifungu cha 50 kinampa mkalimani bila malipo mahakamani. Kifungu cha 54 kinataja waziwazi lugha ya ishara na breli. Kwa hiyo asiyeona ambaye kidole gumba chake kinabandikwa kwenye taarifa ambayo hakusomewa, na mwenye kiti cha magurudumu anayebebwa na askari kupandishwa kizimbani kama gunia, nao wamenyimwa haki zao za kisheria. Wasiambiwe kwamba wanaombewa huruma.

Turudi kwa kijana wetu. Siku ya kujibu mashtaka, mkalimani amepatikana, tena aliyefunzwa Lugha ya Ishara ya Kenya. Tatizo ni kwamba kijana haijui. Anajua ishara za nyumbani, zile alizobuni na mama yake jikoni na shambani. Anamtazama mkalimani, anamtazama hakimu, anatikisa kichwa kwa heshima, kama alivyozoea kuwafanyia wakubwa wasiomwelewa. Na hapo ndipo mashine inaposaga.

Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, mahakama za Afrika Mashariki zinajua namna ya kupokea jibu la mashtaka: shtaka na kila kiini chake vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, upande wa mashtaka usome maelezo ya tukio, naye aulizwe kama anayakubali. Maneno yake mwenyewe! Kichwa kilichotikiswa si maneno. Kumpima si vigumu: mwambie aeleze kwa mikono yake kile alichoambiwa. Akionyesha mbuzi, kamba na usiku, ameelewa. Akirudia tu ishara za mwisho za mkalimani, hajaelewa kitu.

Na akishindwa? Hapa ndipo hasira yangu inapochemka. Kifungu cha 167 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kiliandikiwa mshtakiwa ambaye si mwendawazimu, lakini "hawezi kufanywa aelewe" kesi. Ushahidi unasikilizwa hata hivyo. Ukionekana unatosha kumtia hatiani, anazuiliwa hadi Rais atakapoamua. Mwizi wa mbuzi anayesikia anajua siku ya kutoka. Kiziwi hana tarehe. Majaji wa Mahakama Kuu wamekikosoa kifungu hicho, na wamefanya vema, lakini fikra iliyokizaa bado imeketi kwenye viti vya mahakama: kwamba kasoro iko kwa kijana, si kwa mahakama iliyoshindwa kuzungumza naye.

Anaweza kufanywa aelewe. Anahitajika mkalimani wa pili, ambaye mwenyewe ni kiziwi. Hakimu anasema, mkalimani anayesikia anageuza kwa lugha ya ishara, na yule kiziwi anavunja ishara hizo kuwa maigizo, picha na vitu vya kushikika hadi kijana aelewe. Jibu linarudi kwa njia ileile. Ni kazi ya polepole. Sentensi moja ya hati ya mashtaka inaweza kula dakika kadhaa, na wakalimani lazima wapokezane kabla ya uchovu kuharibu maana. Mama yake anaweza kuitwa awafundishe wakalimani ishara za nyumbani, lakini asiachiwe yeye kutafsiri, maana atamtetea mwanawe badala ya kumtafsiria.

Mtaniambia kesi zitarundikana. Basi ziahirishwe, kijana apewe dhamana, na wakalimani watafutwe. Kabla ya hayo yote, hakimu aanze na amri moja ambayo haigharimu shilingi: mfungueni pingu mikononi, tumsikie.