Jiji la Mchana Nalo Lihesabiwe

Sensa ya mwaka 2022 iliuliza kila kaya nani alilala pale usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti. Kwa jibu hilo Wilaya ya Nyamagana ilipata watu wapatao 595,000, na mkazi wa Igoma akaandikwa Igoma hata kama saa 12 asubuhi alikuwa tayari kwenye daladala ya kwenda mjini. Kwa kugawana madarasa na zahanati, hesabu hiyo inatosha. Lakini ukiitumia kupanga vyoo, maji, taka na zimamoto vya katikati ya Mwanza, umepangia mji usiokuwapo mchana.

Walio wengi kati ya wanaojaza Soko Kuu na Makoroboi adhuhuri hawalali huko. Wametoka Igoma, Kishiri, Nyegezi na Ilemela, na wengine Kisesa, ambayo ni Wilaya ya Magu. Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, inaleta wagonjwa wa mikoa jirani pamoja na ndugu wanaowauguza. Kivuko cha Kamanga kinashusha watu wa Sengerema. Igoma kwenyewe mambo ni kinyume: wafanyakazi wanaondoka alfajiri na kurudi giza limeingia, maana yake foleni ya maji na kazi ya ulinzi vinaanza pale ofisi za mjini zinapofungwa.

Japani waliliona hili zamani. Sensa yao humuuliza mtu anakofanya kazi au kusoma, kisha kwa kila eneo huongeza wanaoingia na kutoa wanaotoka. Kata ya Chiyoda, katikati ya Tokyo, mwaka 2015 ilikuwa na wakazi wasiofika 60,000. Mchana walizidi 850,000. Hata hesabu hiyo ina pengo, kwa sababu mnunuzi, mgonjwa na abiria wa kupita hawamo. Kwa Mwanza pengo hilo lingekuwa kubwa mno, kwa hiyo tusinakili tu njia ya Wajapani.

Njia inayotufaa ni kuhesabu mlangoni, na jiografia imetupunguzia kazi. Ziwa na vilima vya mawe vimeubana mji hata njia kuu za kuingilia ni tatu tu: ya Igoma na Nyakato, ya Nyegezi na Mkuyuni, na ya uwanja wa ndege kupitia Kirumba. Ongeza vivuko na vichochoro vya waenda kwa miguu. Vyote hivyo vinafanya mstari mmoja kuuzunguka mji. Wahesabuji wakae kwenye mstari huo kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, na kila nusu saa waandike wanaoingia na wanaotoka.

Tuseme, kwa mfano tu, ndani ya mstari wamelala watu 20,000. Hadi saa 6 mchana wameingia 70,000 na kutoka 25,000. Basi waliomo ni 65,000. Mwisho wa zamu jumla ya walioingia ni 95,000 na waliotoka ni 94,000. Elfu moja waliobaki wanaweza kuwa wageni wa nyumba za kulala. Lakini wakibaki 15,000, hesabu haikufunga: pengine wahesabuji waliondoka kabla machinga hawajafunga vibanda, au wamewasahau wa bodaboda na wanaokatiza kwa miguu Mabatini. Daladala nayo ihesabiwe vichwa, waliosimama pamoja na waliokaa, wala isikadiriwe kwa viti vilivyoandikwa kwenye leseni.

Igoma haihitaji kukumbushwa gharama ya kutojua waliomo. Kwenye makaburi yake wamezikwa watu wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Meli iliruhusiwa abiria 430, na kwa kuwa wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha, idadi kamili ya waliokufa haikujulikana kamwe. Vivyo hivyo, soko likiwaka moto saa 8 mchana, kikosi cha zimamoto kitafika na karatasi ya watu waliolala.

Kwa hiyo tunayataja majukumu pamoja na wenye kuyabeba. Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela na Halmashauri ya Magu wapange pamoja hesabu hiyo, kwa kuwa mpaka wa wilaya haumzuii mtu wa Kisesa kupanda gari. Ifanyike siku ya kazi, Jumamosi na Jumapili, si siku moja ya maonyesho. LATRA, inayotoa leseni za daladala, ilete orodha ya magari ya kila njia ili wahesabuji wajue mapema watarajie nini. Ofisi ya Taifa ya Takwimu iweke kwenye dodoso la sensa ijayo swali la kata anayofanyia mtu kazi. Na bajeti ya usafi wa katikati ya mji isipitishwe na madiwani mpaka hesabu ya saa 6 mchana iwe mezani kando ya ile ya usiku.